Anzia Bega Hili: Maelezo ya Mbunifu kwa Fundi Mkerezaji

Shafti ya ngazi ni chuma kimoja cha mviringo chenye vipenyo tofauti. Kimenenepa katikati, kinapungua kuelekea kwenye vichwa vyake, na kila unene unapobadilika pana bega. Utaikuta kwenye kinu cha mahindi, pampu ya maji, feni ya ghala na mashine ya kukoboa mpunga. Ikianza kula beringi, mwenye mashine huichomoa, huipeleka karakana na kumwambia fundi, "Nitengenezee kama hii." Fundi hupima chuma kilichokwisha kuliwa, anakereza kingine chenye vipimo vilevile vya uchakavu, na haupiti muda beringi inalia tena.

Hata mchoro mzuri hautoshi kuzuia hilo. Mchoro wa shafti huwa na vipimo ishirini au zaidi, na vyote vimeandikwa kwa wino mmoja. Fundi hawezi kuona kipi kikikosewa mashine inakufa na kipi kikikosewa hakuna atakayejua. Anayejua ni aliyebuni, kwa sababu yeye ndiye anayejua kitu gani kinakaa wapi. Ndiyo maana wabunifu makini huambatanisha na mchoro ukurasa mmoja wa maelezo ya makabidhiano. Ukurasa huo hujibu maswali matatu: pima kutoka wapi, vipimo gani havina mchezo, na kila kimoja kinaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kinu kidogo cha nyundo kinachovutwa na mkanda kutoka kwenye mota, kikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Shafti yake ina urefu wa milimita 340. Ukianzia kushoto, kuna kipande cha kipenyo cha 25 chenye urefu wa 60, hapo ndipo puli inapokaa. Kinafuata kipande cha 30 chenye urefu wa 40, makao ya beringi ya kwanza. Katikati ni kipande cha 38 chenye urefu wa 220, kinachobeba rota na nyundo zake. Mwisho ni kipande cha 30 tena, urefu wa 20, makao ya beringi ya pili. Beringi zote mbili ni 6206, yaani tundu la milimita 30 na unene wa 16. Mbunifu ni mhandisi kijana, na fundi anayemwandikia amemzidi umri na uzoefu. Maelezo yake yanaanza hivi:

"Shikamoo mzee. Naleta mchoro wa shafti ya kinu, moja tu, chuma C45, fimbo ya kipenyo cha 40. Vipimo ni vingi ila vinavyoninyima usingizi ni vitatu: makao ya beringi, umbali kutoka bega hadi bega, na puli kutoyumba. Vingine vyote fanya kwa kawaida ya karakana yako, usipoteze muda navyo."

Sentensi hiyo ya mwisho wabunifu wengi huogopa kuiandika, wakidhani itaonekana wamelegea. Matokeo yake hubana kila kipimo kwenye mchoro, fundi akaona haiwezekani au bei ikapanda mara mbili, kisha akaamua mwenyewe alegeze wapi. Bahati mbaya anaweza kulegeza pale pasipolegezwa. Kumwambia fundi mahali alipo huru ni sehemu ya kazi ya mbunifu.

Maelezo yanaendelea na mahali pa kuanzia kupima, ambapo mafundi na wahandisi huita datamu. "Tafadhali usipime urefu kuanzia kichwa cha shafti. Anzia bega la beringi ya upande wa puli. Kutoka bega hilo hadi bega la beringi ya pili iwe 220, isizidi hata kidogo, ikipungua isipite 219.9. Vichwa vya shafti viache popote, nusu milimita huku au kule hainidhuru."

Kwa nini bega, na kichwa cha shafti kipo wazi na ni rahisi kukishika? Kwa sababu ndani ya kinu hakuna kinachogusa kichwa hicho. Kinachogusa ni beringi, na beringi zinaegemea mabega. Boksi la kinu hiki lina kifuniko kila upande, na kila kifuniko kinazuia beringi yake isitoke nje. Kutoka mdomo wa kifuniko kimoja hadi mdomo wa kingine ni milimita 252.3. Ukitoa beringi mbili zenye unene wa 16 kila moja, na 220 za bega hadi bega, inabaki 0.3. Nafasi hiyo ndogo imewekwa kwa makusudi, maana shafti ikipata joto hurefuka. Ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya boksi, itarefuka karibu sehemu moja ya kumi ya milimita katika urefu huo.

Sasa tazama litakalotokea mchoro ukipimwa kuanzia kichwani. Bega la kwanza litaandikwa 100 na la pili 320. Kama mbunifu hakuandika zaidi ya hapo, karakana nyingi hufuata kiwango cha kawaida cha ISO 2768, daraja la kati, kinachoruhusu 0.3 juu au chini kwa kipimo cha 100, na 0.5 juu au chini kwa kipimo cha 320. Fundi akakereza bega la kwanza likawa 99.7 na la pili 320.5. Vyote viwili vimo ndani ya ruhusa, hakuna wa kumlaumu. Lakini umbali kati ya mabega sasa ni 220.8. Ile nafasi ya 0.3 imekwisha na imepitwa kwa nusu milimita, na kifuniko hakitakaa. Atakayekifunga kwa nguvu za boliti atakuwa anazibana beringi kwa ubavu, na beringi ya aina hii haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Dalili zake mtu yeyote anaweza kuzijua. Boliti za kifuniko zikiwa zimelegea, shafti inazunguka kwa kidole. Unavyozidi kukaza, inazidi kuwa nzito. Kinu kikiwashwa, beringi zote mbili zinachemka mapema hata kabla ya kutiwa mahindi. Wengi hudhani ni grisi, wakaongeza grisi, na joto likazidi.

Kipimo cha 220 hupimwa moja kwa moja, taya za kalipa zikigusa mabega mawili. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Hiyo ndiyo faida ya kuanzia mahali mashine inapoanzia: kosa la kipimo kingine haliwezi kuingia ndani ya kile unachokijali.

Sehemu inayofuata ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni makao ya beringi. Kwenye mchoro pameandikwa 30 k6. Herufi na tarakimu hiyo ni ya mfumo wa kimataifa wa vipimo vya kupachika, na mwenye jedwali ataitafuta. Mbunifu wetu hakutaka kumwachia mzee kazi hiyo: "Hapo penye k6 maana yake shafti iwe kati ya 30.002 na 30.015. Lenga 30.008. Pima kwa maikromita, si kalipa, sehemu mbili za urefu na pande mbili za mzunguko, shafti ikiwa imepoa kabisa."

Nafasi kati ya 30.002 na 30.015 ni mikroni 13, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kalipa ya kawaida husoma kwa hatua za mikroni 20, kwa hiyo haina uwezo wa kuhukumu kipimo hiki. Tundu la beringi yenyewe hutengenezwa likiwa 30.000 au pungufu hadi mikroni 10. Ukiviweka pamoja utaona kwamba shafti lazima iwe kubwa kuliko tundu, kwa mikroni 2 kwa uchache na 25 kwa wingi. Beringi inaingia kwa kukazana, na ndivyo inavyotakiwa.

Sababu yake iko kwenye mkanda. Mkanda unaivuta shafti upande mmoja tu, kuelekea mota, na mvuto huo hauzunguki. Shafti ndiyo inayozunguka chini yake. Ringi ya ndani ya beringi ikiwa imelegea hata kidogo, itabiringika juu ya shafti, kwa sababu mzunguko wa tundu ni mrefu kuliko mzunguko wa shafti. Tufanye hesabu. Shafti ikiwa ndogo kuliko tundu kwa mikroni 10, kila ikizunguka mara moja ringi inabaki nyuma kwa sehemu 10 kati ya 30,000. Kinu kinazunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa hiyo kila dakika ringi imezunguka mzima mmoja juu ya shafti ambayo ilipaswa kuishika isisogee. Mikroni 10 ni kidogo mno kuonekana kwa jicho, lakini baada ya saa nane za kusaga ringi imeisaga shafti mizunguko 480.

Ukiichomoa beringi ya namna hiyo, utakuta unga mwekundu kama kutu kwenye makao yake, au mkanda wa chuma kilichong'aa kama kilichopigwa msasa. Ukiona hivyo, kubadilisha beringi peke yake ni hasara. Shafti ndiyo imekufa.

Upande wa pili una hatari yake. Shafti ikizidi 30.015, ringi ya ndani inapanuka kupita kiasi na kula uwazi ulio kati ya ringi na gololi. Uwazi huo kwenye 6206 ya kawaida ni mikroni 5 hadi 20 tu. Ukikwisha, gololi zinabanwa, joto linapanda, na ringi inazidi kupanuka. Beringi iliyozungushwa laini dukani ikawa nzito mara tu baada ya kupachikwa inakuambia kwamba makao ni makubwa mno.

Kuhusu kupoa, mbunifu hakuandika kwa kupamba. Chuma chenye kipenyo cha 30, kikitoka kwenye kisu kikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya maikromita, huonekana kikubwa kwa karibu mikroni 11. Ruhusa nzima ni 13. Fundi anayepima shafti ya moto na kuona 30.010 atafurahi, akaenda kunywa chai, na shafti ikishapoa itakuwa chini ya 30. Vipimo vya viwandani duniani kote vimewekwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi, nasi Dar es Salaam au Mombasa tuko mbali na hapo kwa siku nyingi za mwaka. Hilo halina neno sana, kwa sababu shafti ni chuma, maikromita ni chuma na beringi ni chuma, vyote vinapanuka pamoja. Linaloharibu ni kupima kimoja cha moto kwa kingine cha baridi. Shafti na maikromita vikae meza moja mpaka vilingane.

Uso wa makao hayo nao umepewa alama ya Ra 0.8, maana yake uwe laini. Uso uliochongwa kwa mistari mikubwa una vilele na mabonde, na maikromita hugusa vilele tu. Beringi ikisukumwa ndani vilele vinalazwa, na kipimo kilichosomwa sahihi kinapungua chenyewe. Kwingineko kwenye shafti hii mistari ya kisu haina madhara, iachwe.

Kuna kipimo kimoja kidogo ambacho mara nyingi husahaulika kwenye maelezo: kona ya chini ya bega. Kijana ameandika, "Kona za mabega ya beringi zipewe mviringo wa 0.6. Usiziache kali, na usizidishe milimita moja." Kona kali ni mwanzo wa ufa. Mkanda unaipinda shafti kidogo, na kwa kuwa shafti inazunguka, kila nukta ya uso wake huvutwa na kubanwa kwa zamu, mara 180,000 kwa saa kwa kinu hiki. Nguvu hizo hujikusanya penye kona kali. Shafti iliyovunjika kwa njia hiyo huonyesha mistari ya mawimbi inayoanzia ukingoni, na sehemu ndogo yenye chembe mbaya ambayo ndiyo iliyokatika mwisho. Lakini mviringo ukiwa mkubwa kuliko mviringo wa kona ya beringi, ambao kwa 6206 ni milimita 1 kwa uchache, ringi itapanda juu ya mviringo na haitagusa bega kamwe. Ipimwe kwa karatasi ya geji ya unene: ikipenya kati ya ringi na bega, kona imekosewa. Na hapo ile 220 tuliyoihangaikia inakuwa haina kazi.

Kipimo cha tatu ni puli kutoyumba. "Mhimili wangu," anaandika mbunifu, "ni mstari unaopita katikati ya makao mawili ya beringi. Ukiiweka shafti kwenye V-bloku mbili kwa makao hayo na kuizungusha, dayali geji iliyogusa sehemu ya puli isisogee zaidi ya 0.02 kwa mzunguko mzima." Hapa kuna datamu ya pili, nayo haishikiki kwa mkono kwa kuwa ni mstari wa kufikirika. Beringi ndizo zinazoamua shafti izunguke wapi, kwa hiyo kila kitu kingine lazima kilingane nazo. Kipande cha puli kinaweza kuwa na kipenyo sahihi kabisa na bado kikawa kimekaa pembeni ya mhimili. Dayali ikisogea 0.06, katikati ya puli iko nje kwa 0.03, na mkanda utakazwa na kulegezwa mara 50 kila sekunde.

Kosa hili huzaliwa shafti inapogeuzwa. Fundi anakereza upande mmoja kwenye chaki ya taya tatu, anaigeuza, anaibana tena na kukereza upande wa pili. Chaki iliyotumika miaka mingi haishiki tena mahali palepale, na pande mbili hutoka kila mmoja na mhimili wake. Dawa yake mzee anaijua kuliko kijana, ila inafaa iandikwe: toboa senta vichwa vyote viwili mwanzoni, na mikato ya mwisho ya makao ya beringi na ya puli ifanywe shafti ikiwa kati ya senta. Hata ukiigeuza, senta ni zilezile na mhimili ni uleule. Mfereji wa kii, ambao kwa kipenyo cha 25 ni upana wa 8 na kina cha 4, ukatwe kabla ya mikato hiyo. Fimbo iliyovutwa kiwandani ikiwa baridi ina mikazo ndani yake, na ukiifungua upande mmoja kwa mfereji inaweza kupinda. Ikipinda mapema, mkato wa mwisho utairekebisha.

Maelezo mazuri husema pia la kufanya mambo yakiharibika. "Ikitoka 30.018, nipigie, tutaona kama inaweza kusuguliwa taratibu. Ikitoka 29.99, nipigie vilevile. Naomba isipigwe panchi wala kuvishwa kipande cha bati." Kupiga panchi ni desturi ya zamani ya kuinua vinundu ili beringi ikaze. Inakaza siku hiyo. Vinundu vinashika sehemu chache tu za ringi, vinalazwa baada ya muda mfupi wa kazi, na ringi inaanza kubiringika kama ilivyoelezwa. Fundi hafanyi hivyo kwa ubaya, anafanya kwa sababu hakuna aliyemwambia nani atalipia chuma kipya. Mbunifu aliyeacha namba yake ya simu na kusema wazi kwamba atasikiliza amempa fundi njia nyingine.

Msomaji mwenye kinu au pampu unaweza kuyadai haya hata kama huna mhandisi. Unapopeleka shafti kukerezwa, nenda na beringi mpya, puli na kipimo cha boksi kutoka kifuniko hadi kifuniko, kisha mwonyeshe fundi mabega ambayo beringi zinaegemea. Usikubali makao ya beringi yapimwe kwa kile kipande kilichokwisha kuliwa. Na kabla hujalipa, omba shafti iwekwe kwenye V-bloku, izungushwe mbele yako, na usome sindano ya dayali mwenyewe.